Watu wa upande wa kulia

Nilikuwa na miaka 24, luteni usu mwenye platuni ya watu 30, na mpango wa meja wetu niliuamini kabisa. Alikuwa ametengeneza kilima cha udongo mfano wa kile tulichotakiwa kukiteka, akatuzungusha hapo hadi kila koplo akaweza kueleza kazi yake bila karatasi. Yalikuwa mazoezi, risasi zote baridi, zile za mlio tu. Ila kule kilimani kulikuwa na watu hai walioambiwa watuzuie, na hawakuambiwa tungepitia wapi.

Platuni moja ingebaki na meja kwenye kiduta upande wa kusini, ikipiga kilima kwa bunduki za rasharasha. Platuni mbili, yangu ikiwa ya nyuma, zingezunguka magharibi gizani na kushambulia kutoka ubavuni saa 11 alfajiri. Njia ilikuwa kilomita 3. Usiku, porini, mwendo wa kilomita moja kwa saa ni wa busara. Tungeondoka saa 7, tufike saa 10, tubaki na saa nzima ya kupumua. Hesabu hiyo hata leo siioni kosa lake kwa kuitazama tu.

Kosa lilikuwa kwenye makorongo mawili. Meja alikuwa ameyavuka mwenyewe wakati wa upelelezi, mchana, yeye na watu watatu wasio na mizigo, kwa dakika moja tu. Sisi tulikuwa 60, kwa mstari mmoja, kila mtu na mzigo wake, na mvua ya jioni ilikuwa imelainisha kingo. Mtu mmoja alitumia kama sekunde 15 kushuka na kupanda. Zidisha kwa 60, upate robo saa kwa korongo moja. Tena wa mbele akishavuka, asiposimama kusubiri, wa nyuma hulazimika kukimbia gizani ili amfikie, na anayekimbia gizani huanguka au hupotea. Hakuna aliyezembea. Kila mtu alichelewa sekunde chache, mstari ukazikusanya.

Kuna ofisa wa Prussia aliyepigana na majeshi ya Napoleoni, Clausewitz, aliyeuita mchezo huu msuguano. Alisema katika vita kila jambo ni rahisi, ila hilo jambo rahisi ndilo gumu. Nilikuwa nimelikariri chuoni kwa ajili ya mtihani.

Baada ya korongo la pili nikapitisha amri ya kuhesabu watu kutoka nyuma. Hesabu ilirudi: 21. Seksheni yangu ya tatu, watu tisa, haikuwepo. Baadaye tulijua kwamba mtu mmoja alisimama kufunga kamba ya kiatu, aliyemfuata naye akasimama, na walipoinuka hawakuona mgongo wa mtu mbele yao. Wakafuata ukingo wa korongo wakidhani ndiyo njia.

Nikajaribu kumwambia meja. Redio zetu zilihitaji nafasi wazi kati ya antena na antena, na sisi tulikuwa shimoni. Nilisikia mikwaruzo tu. Nikaamua kusonga mbele, nikiamini tutapata mawasiliano tukipanda. Saa 11 kamili tulikuwa bado mita 400 nyuma ya mstari wa kuanzia shambulio, na kiduta kikaanza kupiga. Meja hakuwa na habari ya kumfanya asubiri, kwa hiyo alifuata saa yake. Risasi zilizohesabiwa kwa dakika 10 za kutufunika ziliteketea sisi tukiwa bado tunahema kwenye vichaka.

Hapo ndipo adui akaamka, na ukungu ukashuka. Simaanishi ukungu wa hewani. Milio ilikuwa inatoka kila upande, mwangwi ukiipindua, na kila taarifa iliyonifikia ilikuwa imezeeka kabla sijaielewa. Redio ikapata uhai ghafla na sauti ya meja ikasema: "Elekea kwenye mti mkubwa!" Kutoka kwake, mti ulikuwa mmoja. Kutoka kwangu ilikuwa mitatu. Nikachagua wa katikati, kwa sababu isiyo na maana yoyote.

Nimesoma baadaye habari za mapigano ya Balaklava katika vita vya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854, nikajiona humo. Raglan, jemadari wa Waingereza, akiwa juu kwenye mwinuko, aliwaona Warusi wakitaka kuondoa mizinga waliyoiteka, akaandika amri wapanda farasi waizuie. Lucan, mkuu wa wapanda farasi hao, alikuwa chini bondeni, haoni mizinga hiyo. Alipomuuliza Nolan, kapteni aliyeleta karatasi, ni mizinga ipi, alinyooshewa mkono kuelekea bondeni kwenye mizinga mingine kabisa. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia huko, wakipigwa kutoka mbele na ubavuni. Amri ilieleweka vizuri kabisa, mradi uwe umesimama pale alipokuwa amesimama aliyeiandika.

Tulipofika karibu na ule mti nikaona vivuli vya watu upande wetu wa kulia, kama mita 80, wakitembea wameinama. Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri. Kwenye kilima cha udongo, upande wa kulia hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Nilikuwa nimeukariri vizuri mno mpango ule. Nikashika redio: "Adui, nguvu ya platuni, kulia kwangu." Walikuwa tisa. Hofu na giza viliwaongeza. Na ajabu yake ni hii: nilijua fika kwamba nimepoteza watu tisa, sikuwaunganisha.

Nikamwambia sajini aigeuze rasharasha. Hakuigeuza.

"Afande, ngoja kidogo."

"Nangoja nini?"

"Sikiliza."

Nikasikia kikohozi. Kikohozi kikavu, mara tatu, kisha kimya, kisha mara moja. Platuni nzima ilikuwa imelala nacho wiki mbili. Alikuwa koplo wa seksheni ya tatu.

Nikarudi kwenye redio kufuta taarifa yangu. Mikwaruzo. Habari ya uongo ilikuwa imepita safi, ya kweli ikagoma. Nilijaribu mara nne, huku nikiwakusanya watu wangu, na nilipoinua macho kukawa kumepambazuka na waamuzi wanapuliza filimbi kusimamisha zoezi. Kilima hakikutekwa.

Mchana mwamuzi mkuu alitandika ramani mbili juu ya sanduku. Moja ilionyesha kila mtu alikokuwa kweli. Nyingine ilikuwa ya meja, kama alivyoiacha alfajiri. Kwenye ramani ya meja platuni mbili zilikuwa zimejipanga sambamba chini ya kilima, kwa wakati. Kulia kwao, kwa penseli nyekundu, kulikuwa na platuni ya adui. Ili kuizuia alikuwa ametuma akiba yake yote, seksheni mbili alizozing'oa kiduta, ambazo zilitumia dakika 25 kutafuta watu wasiokuwepo, wakati walinzi wa kilima wakihamishia nguvu zao upande wa magharibi.

Nilimtarajia anifokee. Alinyamaza tu, akaangalia ile alama nyekundu. Mwamuzi akauliza nani aliiripoti hiyo. Nikanyoosha mkono. Nyuma yangu, yule koplo akakohoa, na watu wakaangua kicheko, meja naye.