Habari kwa ufupi: maneno arobaini yananitosha, na sikati mkia

Nilipoanza kusanifu safu ya habari fupi gazetini, mhariri mmoja alinipa ushauri niliokuja kuuchukia: "Chukua habari ya mwandishi, kata kuanzia chini mpaka ibaki maneno arobaini." Kwa habari ndefu unaweza kupona. Kwa habari fupi unaua "kwa nini", maana waandishi wetu sababu huiweka aya ya nne au ya tano, baada ya vyeo na salamu zote.

Chukua marufuku ya mifuko ya plastiki, Aprili 2019. Kwa mtindo wa kukata mkia unabaki na "Waziri Mkuu Kassim Majaliwa amesema Serikali imedhamiria kwa dhati kuhakikisha kuwa..." na maneno yamekwisha kabla mfuko haujatajwa vizuri. Tarehe haipo, sababu haipo. Kuna mheshimiwa na dhamira yake tu.

Mimi naanza kwa kuwinda sababu. Nasoma habari yote, nafunika karatasi, kisha naandika upya bila kuchungulia. Jaribio la kwanza lilinipa maneno 31, na sababu ilikuwa "ili kulinda mazingira". Nikajiona bingwa. Lakini hiyo unaweza kuibandika kwenye habari yoyote, hata ya mkaa! Nikatumia nafasi iliyobaki kueleza mfuko wenyewe una ubaya gani:

"Kuanzia Juni 1, 2019, ni marufuku kuzalisha, kuingiza, kuuza au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nchini, ili kulinda mazingira, kwani mifuko hiyo haiozi na huziba mitaro. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza hatua hiyo Jumanne bungeni Dodoma."

Maneno 38. Mheshimiwa kashuka sentensi ya pili na hakuna aliyekufa. Msomaji mwenye duka anataka kwanza kujua mwisho wa kuuza ni lini; aliyetangaza atamkuta mbele.

Nafasi niliipata wapi? Kwenye mafuta ya lugha ya ofisini. "Kwa lengo la kuhakikisha kuwa mazingira yanalindwa" ni maneno saba. "Ili kulinda mazingira" ni matatu. "Mifuko ambayo haiozi" inakuwa "mifuko isiyooza". "Jijini", "hapa nchini", "aliongeza kwa kusema" huwa nazifuta bila huruma. Majina ya watu siyagusi, na cheo hubaki kimoja.

Halafu "jana". Wengi wanaipenda kwa kuwa ni neno moja. Shida ni kwamba habari fupi ndiyo ya kwanza kutolewa ukurasani likiingia tangazo, inalala, inatoka kesho yake na "jana" yake imekuwa uongo. "Jumanne" nayo ni neno moja, na hata ikitoka Alhamisi bado ni kweli.