Ulikuwa Unasoma Wapi?

Wiki hii dada amejifungua salama na ofisi imehamia ghorofa ya juu, lakini ninachokirudia kichwani kila usiku ni maneno ya Mjomba baada ya wasilisho langu la Jumanne.

"Ulikuwa unasoma wapi?"

"Sikusoma, Mjomba. Sikuwa na karatasi hata moja."

"Ndiyo maana nauliza. Macho yako yalikuwa juu ya vichwa vyetu, yakifuata mistari."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Utangulizi ule wa dakika moja niliukariri neno kwa neno, kila mara nikianzia juu, na ukikariri hivyo kila neno huwa ufunguo wa linalofuata, mdomo ukaenda peke yake huku akili ikilinda tu mnyororo usikatike. Nilipumzika penye mkato wa karatasini, si pale mtu anapofikiri, na sauti ikashuka vilevile mwishoni mwa kila sentensi. Mlango ulipogongwa nikapoteza neno moja, nikalazimika kurudi mwanzo wa sentensi nzima. Hapo ndipo Mjomba alipojua.

Alhamisi, nikijiandaa kuwasilisha tena Jumatatu, niliiweka karatasi kando, nikabaki na maneno manne ya kushikilia: ripoti, takwimu, gharama, njia. Nilichokariri kwa ukamilifu ni sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Yaliyo katikati niliyasema kwa sauti mara nyingi, kila mara kwa maneno mengine. Kwenye karatasi niliandika, "Ucheleweshaji wa ripoti umekuwa ukisababishwa na mapungufu katika ukusanyaji wa takwimu." Hakuna anayezungumza hivyo. Mdomoni ikawa, "Ripoti zetu huchelewa kila mwezi. Tumezoea kumlaumu mwandishi, ilhali takwimu zenyewe humfikia zikiwa zimebaki siku mbili." Kisha nikajilazimisha kuanzia kwenye gharama badala ya ripoti, nikafanya hivyo nikiosha vyombo, na asubuhi, baada ya usingizi, nikaanza upya bila kuchungulia. Kinasa sauti kilinionyesha hatari ya upande wa pili, kwani mara moja dakika ile ilivimba ikakaribia tatu. Ndiyo maana sentensi ya mwisho siiachi huru. Nikiifikia, nimefika.

Jana nilimwomba Mjomba anisikilize tena. Nilipofika kwenye takwimu akanikatiza: "Za idara gani hizo?" Nikamjibu, nikaendelea na gharama palepale, bila kurudi nyuma. Hakunisifu, ila alinitazama usoni hadi mwisho, nami nikamtazama, na nafsi yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Sasa kilichobaki kunikosesha usingizi ni mshereheshaji wa Jumatatu, ambaye ameomba maelezo mafupi ya mada ili anikaribishe, nami kwa haraka nikamtumia sentensi yangu ya kwanza.