Kamba ya nailoni na ile 6.10 vilivyonifedhehesha

Mwenzangu mmoja aliniambia mbio za kwenda na kurudi, zile za kupima pumzi ambapo mtoto hukimbia kutoka mstari hadi mstari, safari moja kwa kila mlio, hazina ugumu wowote: pima mita 20, washa milio, andika alama. Nikamwamini. Nilikuwa na wanafunzi 48, kamba ya nailoni na chokaa.

Kamba niliipima vizuri ikiwa imelala chini. Kisha upande wa kushoto nikaitandaza tu, na upande wa kulia kijana mmoja mwenye nguvu akaivuta kweli kweli. Sikuona kitu, mpaka waliokimbia kulia wakaanza kulalamika kwamba wenzao wanawahi mlio bila kutoka jasho. Nikawaita wavivu. Jioni, kwa haya, nilirudi na futi ya chuma: kushoto mita 20, kulia mita 20 na sentimita 60. Mtoto aliyekwenda safari 51 upande ule alikuwa ameongezewa mita 30 na ushee!

Siku hizi napanga njia 16 za mita moja moja, kisha napima kutoka pembe hadi pembe. Kwa mstatili wa 20 kwa 16, mishazari yote miwili lazima itoe mita 25 na sentimita 61. Ikitofautiana, mistari imekwenda upogo hata kama pande zote nne zina vipimo sahihi. Kila njia naiandika namba kwenye ncha zote mbili, maana mtoto akichoka huhamia njia ya jirani.

Wale 48 nawagawa kwa tatu: 16 wanakimbia, 16 wako mstari wa kuanzia na karatasi, 16 mstari wa pili, kila mmoja akimtazama mguu wa mtu wake tu. Mguu usipofika mstarini kabla ya mlio, wa mstari wa pili ananyoosha mkono na wa karatasi anatia alama. Kukosa mara moja ni onyo, mara mbili mfululizo unatoka. Mimi sihesabu kitu, natembea tu nikikemea wanaogeuka kwa kuzunguka kama lori badala ya kukanyaga mstari na kugeuka papo hapo.

Lakini aibu kubwa ilinipata kwenye kompyuta. Milio hupangwa kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na kasi zaidi, na alama huandikwa ngazi, nukta, kisha safari. Ngazi ya 6 ina safari 10, kwa hiyo binti aliyeimaliza nilimwandikia 6.10. Kompyuta ikaifanya 6.1, akawekwa nyuma ya mwenzake mwenye 6.2. Alikuja na karatasi yake mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona nimekimbia zaidi na nimeshindwa?"

Nikatafuta jibu la kitaalamu, sikulipata. Tangu siku hiyo naandika jumla ya safari. Ngazi tano za mwanzo ni 7, 8, 8, 9 na 9, yaani 41. Ukiongeza 10 zake, binti ana 51. Yule wa 6.2 ana 43.