Treni ya usiku: kwa nini nashukia Makambako

Mimi hununua mchele Mlimba na kuuza Uyole, Mbeya. Barabara ya kutoka kule ikilowa haipitiki, kwa hiyo napanda treni. Kwa ratiba niliyoizoea, treni ilitakiwa kuingia Mbeya mchana. Ikichelewa, inakufikisha stesheni ya Iyunga katikati ya usiku, na Uyole iko upande mwingine kabisa wa mji.

Siku moja nilimuuliza mkuu wa stesheni Mlimba, maana wao huwasiliana na stesheni za nyuma.

"Imetoka Ifakara, mkuu?"

"Imetoka saa tano asubuhi, mama. Jiandae."

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Kutoka Mlimba hadi Makambako treni inapanda milima na kupita mahandaki, si chini ya saa tano. Nikaona itaingia Makambako kama saa moja usiku. Kutoka hapo hadi Iyunga ni saa nne na ushee tena, yaani karibu saa sita usiku, saa mbaya kuliko zote: daladala zimelala, na kukucha bado sana.

Nikampigia dada yangu na bodaboda wangu wa Uyole kabla treni haijaondoka, kwa sababu huko kwenye mahandaki simu haishiki. Magunia niliyakatia risiti yakaingia behewa la mizigo, yaende hadi Mbeya yenyewe. Mtu mwenye magunia mkononi hawezi kubadili mawazo njiani.

Makambako nikashuka. Reli na barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya zinakutana hapo, na abiria wengi wa Njombe na Songea hushuka hapo, kwa hiyo mabasi ya kwenda Mbeya huachia siti. Basi la kwanza konda akanitengea kigoda karibu na injini.

"Dada, panda tu, mbele watashuka."

Nikakataa. Safari ya karibu saa tatu gizani, na ukungu wa huku kwetu, naifanya nikiwa kwenye siti yenye mkanda, na tiketi yenye jina langu. La pili lilikuwa na nafasi. Nikamtumia dada namba ya gari na nikashuka Uyole kabla ya saa tano, maduka ya njia panda ya Tukuyu bado wazi. Bodaboda alikuwa sheli, penye taa, kama tulivyoagana.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wanadhani basi ndilo jibu kila mara. Mimi hapana. Treni ikiingia Makambako saa tano usiku au zaidi, sishuki. Basi litanimwaga Uyole saa nane, hakuna mtu, wakati treni itafika Iyunga kama saa kumi alfajiri. Nakaa ukumbini na abiria wenzangu hadi daladala zianze, kisha nachukua magunia yangu kwa risiti.