Kumpokea Mjomba Aliyetoka Hija

Mjomba na mkewe walirejea Unguja alfajiri, na tangu siku iliyotangulia nilikuwa nikiwaza jinsi ya kuwaamkia. Mtu anayerudi kutoka safari ya kawaida huambiwa pole na safari akajibiwa kwa mkono, na yakaisha. Aliyetoka Makka anastahiki dua, nayo ina maneno yake: «Hija mabruru, wa saayi mashkuru, wa dhambi maghfuru», yaani Mwenyezi Mungu aijaalie hija yako kuwa njema iliyokubaliwa, juhudi yako iwe yenye kushukuriwa na dhambi zako ziwe zimesamehewa. Wengi wetu hufupisha tu kwa kusema «Hija makbuli», na hilo nalo linatosha.

Ninayapenda maneno haya kwa sababu ya asili yake. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masuud kwamba alipokuwa akirusha vijiwe vyake saba katika Jamratul Akaba, alimwomba Mwenyezi Mungu aijaalie hija hiyo kuwa mabruru na dhambi kuwa maghfuru. Kwa hivyo anayempokea hujaji mlangoni anarudia, kwa ajili yake, ombi lililowahi kuombwa kule Mina, katikati ya msongamano na uchovu, baada ya usiku wa Muzdalifa na kisimamo cha Arafa. Anamwombea yale ambayo hujaji mwenyewe alikwenda kuyaomba. Ndiyo maana siridhiki na «hongera» peke yake, kwani hongera hupewa aliyekwisha kufaulu, na hakuna kati yetu ajuaye kama hija ya mwenziwe imepokelewa. Hilo ni baina ya mja na Mola wake, na lililo juu yetu ni kuomba.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hulichunga sana: salamu hii hutolewa kabla ya hujaji kuingia nyumbani kwake, naye huombwa awatakie msamaha waliokuja kumpokea. Msingi wake ni Hadithi iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, iliyopokewa kwa Ibn Umar, inayosema umsalimie hujaji, umpe mkono na umwombe akutakie maghufira kabla hajaingia nyumbani kwake. Wanavyuoni wa Hadithi wameeleza kuwa isnadi yake ni dhaifu, kwa hiyo simlaumu asiyewahi kufika mlangoni. Hata hivyo, kumwomba mwenzio dua ni jambo jema wakati wowote, na kwa mtu aliyetoka kusimama Arafa moyo wangu huwa mwepesi zaidi kuomba.

Basi tulifanya hivi. Katika uwanja wa ndege tuliwatolea salamu fupi tu, kwa kuwa mkaza mjomba alikuwa na kile kikohozi ambacho mahujaji wengi hurudi nacho, na watu walikuwa wakisongamana kwenye mlango wa kutokea. Tulipofika mtaani, mjomba aliomba kwanza ashukie msikitini aswali rakaa mbili, akifuata mwendo wa Mtume, ambaye aliporejea safarini alikuwa akianzia msikitini. Sisi tukamsubiri barazani. Alipofika nilimwambia, «Asalaam alaykum, mjomba. Hija mabruru, wa saayi mashkuru, wa dhambi maghfuru. Tuombee maghufira.» Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akajibu, «Amin, Mwenyezi Mungu awasamehe nyote na akujaalieni nanyi mfike.» Kisha nikamgeukia mkaza mjomba kwa maneno yale yale bila ya kubadilisha hata herufi, kwa sababu sifa zile ni za hija, juhudi na dhambi, si za msafiri, na kwa hivyo hazitofautiani kwa mwanamume na mwanamke.

Lililonikera kidogo ni jirani aliyewahi kuuliza bei ya dhahabu ya Makka hata kabla ya kutoa salamu. Sidhani kwamba alikusudia ubaya. Lakini mwenye safari hii ana mambo mengine ya kusimulia kwanza, na tulipomuuliza mkaza mjomba alikuwaje siku ya Arafa, alizungumza kwa muda mrefu licha ya kikohozi chake: jinsi jua lilivyokuwa likielekea kuzama, na jinsi alivyotutaja mmoja mmoja kwa majina katika dua zake, hadi watoto wa jirani huyo huyo.

Karamu tuliiahirisha mpaka wapumzike. Asubuhi hiyo palitolewa tende na maji ya zamzam kutoka katika dumu la lita 5, tukayanywa kwa vikombe vya kahawa ili yawafikie wote. Kila mgeni aliyepanda barazani baadaye alianza na dua ile ile, na kila mara mjomba aliinua mikono yake na kumwombea aliyemwombea.