Barua kwa Mama Mkubwa kuhusu sahani yangu

Mwaliko wa walima ulinifikia nikiwa Lindi. Shughuli yenyewe Mikindani, kwa Mama Mkubwa, aliyekuwa jirani wa mama yangu zamani na sasa anaoza mwanawe wa kiume. Kadi ilisema chakula baada ya sala ya adhuhuri. Wenye uzoefu na shughuli zetu wanajua maana yake: ikiwa wapishi wamewahi, saa nane. Ikiwa msafara umechelewa njiani, saa kumi.

Mimi natumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Sehemu yake hufanya kazi haraka, hushughulika na chai ya asubuhi. Sehemu kubwa zaidi huenda polepole na kupamba moto mchana, wakati chakula cha mchana kinatakiwa kiwe tayari tumboni. Nikishajichoma saa moja asubuhi, siwezi kuiambia dawa isubiri bwana harusi.

Kupiga simu niliona si adabu. Wiki ya shughuli simu ya mwenye shughuli hushikwa na kila mtu, na habari ya mwili wangu ingefika sokoni kabla ya jioni. Nikaandika barua, nikaitia kwenye bahasha ya mchango, nikampa mdogo wangu aliyekuwa anatangulia.

“Mama Mkubwa, shikamoo. Ama baada ya salamu, hongera kwa shughuli, Mungu aitie baraka. Mwanao nina sukari na natumia sindano, na nitakuja bila kukosa. Naomba kukuuliza mambo mawili, ukiona ni mzigo usijali, nitabeba changu. Kwanza, je, naweza kupata chakula kidogo saa saba, hata kama wageni hawajakaa? Nikichelewa sukari hushuka, nikatetemeka na kutoka jasho. Pili, naomba sahani yangu peke yangu badala ya sinia. Kwenye sinia la watu watano sijui nimekula kiasi gani. Wali wa kiasi cha ngumi yangu unatosha, na samaki na mboga. Wali ninakula, usiondolewe. Kinywaji maji tu.”

Ile sentensi ya wali niliipigia mstari. Nawajua watu wetu.

Jibu lilikuja kwa mdogo wangu: mwanangu asiwe na shaka, sahani yake ipo.

Na kweli ilikuwepo. Saa saba kasoro msichana akaniletea nyuma ya turubai, kwenye jamvi la akina mama, sahani iliyofunikwa kawa. Nikafunua: changu wa kukaanga, mchicha wa nazi, kachumbari. Wali hata punje. Nikapima kidole, kipimo kikasoma 4.3. Bado si hatari, lakini dawa ilikuwa inapanda na samaki na mchicha havingeizuia. Nikamwomba msichana wali.

“Mpishi kasema wewe mgonjwa wa sukari, usipewe.”

Mama mmoja pembeni akamuunga mkono, akanishauri nile samaki nishukuru. Mwingine akauliza kwa nini nakula kabla ya bwana harusi. Sikubishana, nikaenda mwenyewe jikoni. Mpishi, mwanamke mwenye mwiko mrefu na uso uliojaa moshi, akashikilia msimamo wake kwa huruma tupu. Hataki damu yangu mikononi mwake.

Mama Mkubwa akaitwa. Akafungua pindo la kanga, akatoa barua yangu ikiwa na madoa ya mafuta, akasoma kwa sauti mbele ya masufuria mpaka pale penye mstari. “Umeona? Kapigia mstari.” Mpishi akachota wali mweupe, akaupima kwa ngumi yangu mwenyewe, huku akicheka.

Nilipomaliza kula mpishi alinifuata. Mumewe anatumia vidonge vya sukari, na tangu aanze kliniki yeye amemkatia wali na ugali kabisa mchana. Saa tisa mzee hutetemeka, huropoka, wao humsomea dua. Nikamwambia baadhi ya vidonge pia hushusha sukari mtu asipokula, kwa hiyo ampeleke kliniki aeleze hayo yote, wala wasipunguze dawa wenyewe.

Akataka apewe ile barua. Mama Mkubwa akakataa, anaiweka. Basi nikamwandikia nyuma ya kadi ya mwaliko: akitetemeka apimwe, ikiwa chini ya 4, anywe nusu chupa ya soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, na bado ikiwa chini arudie. Ikipanda, ale chakula. Akishindwa kumeza asilazimishwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

“Soda?” akauliza. “Yenye sukari?”

Nikachukua kalamu, nikaipigia mstari.