Saini ya Mistari Minne Ilivyonitosha

Kila niliyemwomba ushauri kuhusu saini ya barua pepe alinitaka niongeze kitu: nembo, picha ya sura, nukuu ya hekima, alama za mitandao ya kijamii. Ushauri ulioniudhi zaidi ulitoka kwa msanifu wa ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, ambaye aliagiza saini nzima, pamoja na jina, cheo na namba ya simu, iwe picha moja.

Picha hiyo ilipendeza kwenye kompyuta yake. Kwa wapokeaji ambao programu zao huzuia picha hadi waziruhusu, palibaki kisanduku kitupu, hata jina langu lisionekane. Wengine waliipata kama kiambatisho chenye jina `image001.png`, na mteja mmoja aliyekuwa akitafuta ankara katika mazungumzo yetu marefu alifungua kiambatisho baada ya kiambatisho akikutana na nembo ileile. Aliyetaka kunipigia ilimbidi aandike namba tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa kwenye simu yake haikubonyezeka. Waliotumia mandhari meusi hawakuona chochote, maana herufi zilikuwa nyeusi na picha haikuwa na rangi ya nyuma.

Niliifuta, nikaandika maandishi matupu:

```
Jina Kamili
Mhasibu, Mishahara na Makato
Jina la Taasisi
Simu: +… | Barua pepe: …
```

Mistari minne si ubahili wangu. Mwongozo wa adabu za mtandaoni uitwao RFC 1855, wa mwaka 1995, ulishapendekeza saini isizidi hapo. Cheo changu rasmi kilikuwa na neno "Mwandamizi", nikaliacha, kwa sababu anayeniandikia anataka kujua aniulize nini, wala si ngazi yangu ya mshahara. Namba ni moja, ile ninayoipokea, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi ili ipigike kutoka popote. Anwani ya barua pepe nimeibakiza, ingawa wengi husema ni marudio: ujumbe ukisambazwa kwa mtu wa tatu, mara nyingine sehemu ya juu huonyesha jina tu bila anwani.

Nilijitumia ujumbe kwenye akaunti nyingine, nikaufungua kwa simu nikiwa nimezuia picha na kuwasha mandhari meusi, kisha nikabonyeza namba; simu ilipouliza kama nipige, nikaridhika. Kwa majibu niliweka saini ya pili yenye jina na simu tu, kwa sababu katika mazungumzo marefu ile kamili hujirudia chini ya kila jibu. Programu ya barua pepe iliyo kwenye simu ilikuwa na mpangilio wake, hivyo nililazimika kuingia huko pia na kuondoa ule mstari unaotangaza kwamba ujumbe umetumwa kutoka kwenye simu ya aina fulani.